Namba ya kampuni si namba ya dawa

RUTSHURU. Mama akimuuliza mchuuzi wa dawa za miti shamba kama chupa yake inatambuliwa na serikali, mchuuzi anaigeuza na kuonyesha namba ndefu inayoanza na RCCM. Mama anaridhika, analipa. Hapo ndipo anapodanganywa. RCCM ni daftari la wafanyabiashara. Id. Nat. nayo inamtambulisha mwenye biashara tu. Hata muuza saruji anazo zote mbili. Namba ya «Lot» inaonyesha chupa ilitengenezwa pamoja na zipi nyingine, na ile mistari myeusi ni ya mashine ya dukani. Hakuna hata moja inayosema kwamba mtu alipima kilichomo ndani.

Katika Kongo, namba ya kuuliza ni ya AMM, yaani ruhusa ya kuuza dawa hiyo, na anayeitoa ni ACOREP. Kwa chupa zinazotoka Uganda, mwenye kutambua ni NDA. Mwenye ndugu mwenye intaneti amtumie picha ya chupa, naye atafute kwenye orodha za nda.or.ug. Jina la dawa, mtengenezaji na namba vilingane vyote vitatu, kwa sababu kunakili namba ya dawa nyingine ni kazi ya dakika moja.

Lakini hata namba ya kweli ina mpaka wake. Mwezi wa 6 mwaka 2021, Covidex ilikuwa ikigombaniwa Kampala kabla NDA haijaikubali. NDA ilionya kwanza, kisha tarehe 29 mwezi huo ikaitambua kama dawa ya kusaidia tu, si ya kuponya Korona. Basi chupa moja inayodai kuponya sukari, presha, vidonda vya tumbo na utasa inasema kitu ambacho namba haikuipa.

Wachuuzi hujibu kwamba mababu walitumia majani bila namba. Ni kweli, na bibi anayechuma mubirizi nyuma ya nyumba hadaiwi namba: anajulikana, na jani linaonekana. Ya chupani haionekani. Katika nchi nyingi, dawa zilizoitwa za miti tu zimekutwa zimechanganywa na deksametazoni. Mgonjwa anapata hamu ya kula upesi, maumivu yanatulia, uso unavimba kuwa mviringo, na jirani anasema amenenepa. Kumbe sukari inapanda damuni. Na aliyeitumia kwa majuma mengi akiiacha ghafla anaweza kuzimia, kwa hiyo aende kituo cha afya akiwa na chupa yenyewe mkononi.

Familia iliyokimbia vita, yenye franka za chakula cha siku mbili, ndiyo inayouziwa chupa hizo kwa megafoni. Muuzaji asiyeweza kuonyesha namba ya dawa yenyewe, si ya kampuni, abaki nayo.