MANENO YA CHINI YA PICHA YA KUAGANA



Mwandishi wa kurasa hizi ahama Liuli kwenda Dodoma, na wenzake wa ofisini wamepiga picha pamoja naye ufukweni. Wamemtaka aandike maneno ya chini ya picha ile, yapate kuingia humu. Walakini gazeti letu hupigwa kwa stensili, na stensili huchukua herufi na mistari tu. Basi ninyi mlio Mbinga na Songea mtapata maneno bila picha, nayo hayana budi kujitosheleza.

Mara nyingi twaona picha za namna hii zimeandikwa, "Kumbukumbu ya siku njema na marafiki." Maneno matamu, lakini yafaa kila picha, kwa hiyo hayaisaidii hata moja. Yapasa kwanza kutaja mahali kwa jina lake. Mwamba ulio nyuma yetu ndio ambao Wajerumani waliufananisha na Sifinksi ya Misri, wakaiita bandari hii Sphinxhafen. Hapo ndipo Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilipoishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. (Yasemekana manahodha wao walikuwa marafiki kabla ya vita, tungependa kujua waliagana kwa maneno gani.) Leo mtu akikuta picha ya kale yenye jina lile la Kijerumani, ni mwamba tu utakaomwambia kwamba ni Liuli.

Kisha majina, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari wa mbele kwanza, pamoja na kazi ya kila mmoja siku ile. Maana tarishi wa leo aweza kuwa karani kesho. Yaandikwe nyuma ya picha, pembeni, kwa penseli laini. Wino hupenya, na kalamu ngumu huacha makovu katika nyuso za upande wa pili. Nayo picha iliyomo ndani ya simu tu ichapwe katika karatasi, kwa kuwa simu ikizama ziwani picha huzama nayo.

Lililo gumu ni kusema uchungu na furaha kwa pamoja. Twaona ni afadhali kutaja kitu kimoja au viwili vilivyokuwapo kweli, kuliko kuzihesabu fadhila zote za marafiki. Majina yamekwisha kuandikwa nyuma ya picha. Maneno ya chini ni haya:

"Liuli, ufukweni, mbele ya mwamba. Waliosimama ni makarani wanne na tarishi. Aliyeketi ndiye anayehama. Kikapu kilicho miguuni pake kina usipa mkavu, waliomfungia wenzake kwa kuwa Dodoma haina ziwa kama hili. Amepandishwa cheo, naye amefurahi. Mama yake alikuwapo, lakini alikataa kuingia katika picha, akisema yeye haagi."