Hatari Isiyo na Mwenyewe

Jumapili tarehe 27 Januari 2013, Soko Kuu la Bujumbura, jirani na Bwiza, liliteketea kwa moto. Wafanyabiashara wengi walipoteza mali yao yote kwa siku moja. Hatari ya namna hiyo, itokeayo kwa nadra lakini ikaangamiza kila kitu, ndiyo ipoteayo upesi pale daftari la hatari linapofupishwa kwa ajili ya kamati.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ofisa wa polisi ametakiwa kuipelekea kamati ya usalama ya Bwiza ukurasa mmoja kutoka katika daftari lenye hatari 40. Kila hatari ina alama mbili, kuanzia 1 hadi 5: ya uwezekano na ya madhara, nazo huzidishwa. Mifereji kuziba imepata 4 mara 4, yaani 16. Wizi wa mifukoni 5 mara 3, yaani 15. Ugomvi wa usiku 4 mara 3, yaani 12. Moto wa vibanda 2 mara 5, yaani 10. Ofisa akichukua tatu za juu tu, moto umekwisha kuachwa nje. Kwa hiyo twasema: zichukuliwe hatari zote zenye 15 na zaidi, kisha iongezwe kila yenye madhara 5, na alama zote mbili zionekane.

Tena, hiyo 10 ya moto imetoka wapi? Mara nyingi daftari huwa na alama za kabla ya kinga na za baada yake. Hapa, kabla ya kinga moto ulikuwa 4 mara 5, yaani 20. Ukashushwa kwa sababu ya tangi la maji la zimamoto. Ikiwa tangi hilo halijajengwa, 10 ni ahadi tu. Ofisa asiibadili alama kwa mkono wake. Aandike zote mbili, aeleze kuwa kinga haijakamilika, na amwarifu mtunza daftari.

Lililo zito kuliko yote ni msimamizi wa kinga. Daftari likisema “polisi na raia”, hapo hakuna msimamizi. Askari wote wanajua kwamba lindo lililoachiwa kikosi kizima, bila jina katika orodha ya zamu, halina mlinzi. Muhtasari hauna budi kutaja cheo kimoja, kazi yake na tarehe ya kuikamilisha. Nafasi ikiwa tupu, au aliyetajwa amehamishwa, iandikwe wazi: “hana msimamizi”. Kujaza jina kwa kukisia ili ukurasa upendeze ni kuificha kamati jambo ambalo iliitwa kulikata.

Mwishowe kila mstari ubaki na namba yake ya daftarini, ili mjumbe mwenye shaka aufungue ukurasa wenyewe na kuhakikisha. Kamati ikiona moto hauna msimamizi, imteue mtu kabla haijaondoka mezani.