Mkaguzi wa Kodi Akija Dukani



Wengi wetu tulio wakulima wa karafuu tuna na viduka pia. Mwaka ambao karafuu hazikuzaa, duka ndilo linalotulisha. Na zikizaa, fedha za karafuu ndizo zinazolijaza duka. Hapo hasa ndipo panapotoka matata siku mkaguzi wa kodi anapobisha hodi, na leo nataka kusema maneno machache juu ya jambo hilo.

Nimewasikia wenzetu wakisema, "Akija mkaguzi, funga duka, nenda shamba." Mimi siyakubali maneno haya. Mlango uliofungwa haumzuii mkaguzi kukadiria. Humlazimisha akadirie bila ya wewe kuwapo. Tena hasara nyingi nilizoziona hazikutokana na udanganyifu. Zilitokana na kuchanganya mfuko wa karafuu na mfuko wa duka.

Natoa mfano, na hesabu zake ni za mfano tu. Mwanachama ana duka la majamvi, kamba, mapanga na vyakula. Kitabu chake cha mauzo cha mwaka kinaonyesha shilingi 22,400,000. Mkaguzi hakuanza na kitabu hicho. Aliomba karatasi za benki na za simu, akajumlisha kila fedha iliyoingia. Benki ziliingia 24,500,000 na kwenye simu 6,500,000, jumla 31,000,000. Akauliza, "Bwana, hizi 8,600,000 zilizozidi ni za nini?" Swali hili si la uonevu. Fedha iliyoingia katika hesabu ya duka, ikiwa haina maelezo, yeye huihesabu kuwa ni mauzo ambayo hayakuandikwa.

Mwenzetu alishikwa na hasira, akataka kusema kwamba anaonewa. Bahati njema mkewe alikuwa na bahasha ya karatasi. Ndani yake mlikuwamo stakabadhi za Shirika la ZSTC za karafuu kilo 300, kwa shilingi 14,000 kila kilo, yaani 4,200,000. Fedha hizo zina hesabu yake na sheria zake, lakini si mauzo ya duka. Mlikuwamo pia karatasi ya 1,900,000 alizoletewa na nduguye aliyeko Maskati. Kisha wakaona kwamba 1,500,000 alizitoa kwenye simu akazitia benki, kwa hivyo fedha moja ilihesabiwa mara mbili. Jumla ya haya matatu ni 7,600,000. Ikabaki milioni moja.

Milioni hiyo haikuwa na karatasi. Mwenzetu alifikiri kidogo, akasema kweli: siku za kuelekea Sikukuu kijana wake ndiye aliyekaa dukani, akauza sana, fedha zikenda benki lakini kitabuni hazikuandikwa. Mkaguzi akaiongeza hiyo milioni moja katika mauzo, na kodi ikatozwa juu yake. Iliuma, lakini milioni moja si sawa na milioni nane na laki sita. Tena, kwa kuwa alikiri dogo lililo kweli, maelezo yake ya makubwa yalisikilizwa.

Basi dawa ni nyepesi, na haingoji siku ya ukaguzi. Fungua hesabu ya benki ya duka peke yake, na ya karafuu peke yake. Ukishindwa, kila fedha isiyo ya duka inapoingia, iandike siku ile ile nyuma ya karatasi yake: imetoka kwa nani, na kwa sababu gani. Baada ya miaka mitatu hakuna anayekumbuka. Na fedha unazozitoa katika mtoto wa meza kununulia samaki au kumlipa mchukuzi, ziandike pia, kwa sababu hizo ni mauzo yasiyofika benki, na mkaguzi hodari atazitafuta.

Jambo la pili ni mali iliyomo dukani. Mkaguzi huchagua kitu kimoja au viwili akavihesabu. Tuseme risiti za ununuzi zinaonyesha majamvi 100, na mwanzo wa mwaka hukuwa na hata moja. Amekuta 18 dukani. Basi 82 yametoka. Kitabu chako kinaonyesha umeuza 70. Yako wapi 12? Huenda 10 uliyapeleka shambani kwako kuanikia karafuu, na mawili yaliliwa na panya. Yote ni kweli, lakini yasipoandikwa yatahesabiwa kuwa yameuzwa. Weka daftari dogo la vitu ulivyotumia mwenyewe na vilivyoharibika, lenye tarehe. Hesabu mali yako mwisho wa kila mwaka, na karatasi ya hesabu hiyo itiwe sahihi na watu wawili.

Sasa juu ya mwenendo wa siku yenyewe. Mgeni akifika, mkaribishe, kisha uombe kuona kitambulisho chake na barua ya ukaguzi. Hilo si utovu wa adabu. Tazama ametoka ofisi gani, kwani kodi ya mapato ni ya TRA, na kodi ya ongezeko la thamani hapa Visiwani ni ya Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Tazama pia anakagua kodi gani na miaka ipi, umpe karatasi za miaka hiyo zilizopangwa mwezi kwa mwezi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zihifadhiwe si chini ya miaka 5, kwa hivyo usizifungie vitumbua.

Mtu mmoja ndiye ajibu. Jibu lililoulizwa, na usilolijua sema, "Nitatazama nikuletee," kisha ulete kweli. Kubahatisha ni kubaya kuliko kunyamaza, maana jibu la kubahatisha huandikwa. Akitaka kuchukua vitabu, andikeni orodha ya kila kimoja, mtie sahihi nyote wawili, nawe ubaki na nakala.

Kuna mambo mawili ambayo ni marufuku. La kwanza ni kuandika kitabu kipya usiku wa kuamkia ukaguzi. Kitabu cha mwaka mzima kilichoandikwa kwa kalamu moja, kwa mwandiko mmoja, kisicho na doa la mafuta wala kosa lililokatwa, hujishitaki chenyewe. Kitabu chako kibovu cha kweli kina heshima zaidi. La pili ni bahasha. Kikombe cha kahawa ni ada yetu. Bahasha ni rushwa, nayo ni kosa kwa mtoaji na mpokeaji.

Mwisho, usitie sahihi jambo usilolifahamu. Omba matokeo kwa maandishi, yasome na mtu anayejua hesabu, ujibu kwa maandishi ukiambatisha stakabadhi. Ukishapewa makadirio ya kodi ya TRA na huyaridhii, una siku 30 za kuyapinga tangu kuyapokea. Siku hizo hupita upesi wakati wa mavuno, na manung'uniko ya barazani hayahesabiwi kuwa ni pingamizi.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa wenye duka na mikarafuu, mimi nasema daftari moja halitoshi: yawe mawili, na yasilale katika mto mmoja.

Wenu mtiifu,
KATIBU