Usilipie ploti kabla ya kusoma Sehemu C

Broka amekutumia picha kwa WhatsApp: ploti ya futi 50 kwa 100 nje kidogo ya mji wa Embu, taito iko, mwenyewe ana haraka ya pesa. Ameambatisha hata matokeo ya sachi na kuandika "iko safi". Wewe una akiba ya miaka kadhaa kwenye sacco. Kabla hujatoa hata shilingi ya kushikilia ploti, hebu tusome karatasi hiyo pamoja.

Kwanza, sachi ya broka si yako. Karatasi hiyo huonyesha hali ya rejista siku ile ilipotolewa, na picha ya simu ni rahisi kuchezewa. Itisha nakala ya hatimiliki, beba kitambulisho chako na PIN ya KRA, uombe sachi yako mwenyewe katika afisi ya usajili wa ardhi ya eneo hilo. Namba itakuelekeza: Gaturi/Weru ni upande wa Embu, Ntima/Igoki ni Meru.

Ukipata matokeo, usikimbilie jina la mwenye shamba. Anza na Sehemu A, inayoeleza ardhi yenyewe. Tuseme imeandikwa hekta 0.81. Hizo ni ekari mbili, ilhali ploti ya 50 kwa 100 ni kama hekta 0.046 tu. Maana yake ni kwamba sachi hii ni ya shamba zima, na ploti unayoonyeshwa bado haipo kwenye rejista. Ili iwepo, bodi ya kusimamia ardhi lazima iidhinishe ugawaji, mpimaji achore mipaka mipya, na kila kipande kipewe namba yake. Nayo sachi ikisema rejista imefungwa kwa sababu shamba liligawanywa, basi taito anayokuonyesha muuzaji imekufa. Itisha namba mpya, ufanye sachi ya hiyo.

Sehemu B ina jina la mmiliki. Lilinganishe na kitambulisho cha anayekuuzia, herufi kwa herufi. Visa vingi huanzia hapa: jina ni la babu aliyefariki, anayeuza ni mjukuu. Atakuambia familia imekubaliana. Sheria ya Urithi hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mali. Kama hati hiyo haipo, hakuna cha kununua hapo.

Sasa njoo Sehemu C, ambayo wengi huruka. Ukiona "Charge", ardhi iko rehani, mara nyingi kwa benki au sacco. Hilo si mwisho wa dunia, lakini mkopeshaji lazima alipwe na aandike hati ya kuiachilia, la sivyo anaweza kuipiga mnada. Ukiona "Caution", kuna mtu ameweka tahadhari akidai haki fulani, labda mke, ndugu, au mnunuzi aliyekutangulia. Mtafute umsikilize kabla ya kumwamini muuzaji. "Inhibition" ni amri ya mahakama, na "Restriction" ni kizuizi cha msajili. Zote mbili zinasimamisha uuzaji, kwa hivyo simama nazo.

Na je, Sehemu C ikiwa tupu? Hapa ndipo tunatofautiana na wanaosema sachi safi inatosha. Mwaka 2018, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya ardhi ya familia kutoka Meru. Ilisema haki ya ukoo, pale ambapo mmoja alisajiliwa kwa niaba ya wenzake, inaifunga ardhi hata kama haijaandikwa popote kwenye rejista. Huko Meru na Embu, wakati mashamba yalipopimwa na kusajiliwa, kaka mmoja angeweza kuandikwa kwa niaba ya nyumba nzima. Karatasi haitakwambia hivyo. Majirani watakwambia.

Kwa hivyo nenda shambani bila broka. Uliza nani alipanda ile miraa au kahawa, nani amezikwa pale, nani anaishi ile nyumba ya nyuma. Ukikuta shangazi ambaye hajui ardhi inauzwa, umepata jibu ambalo sachi haikuwa nalo.

Msimamo wetu ni huu: pesa za kwanza zisitoke kabla ya sachi yako na matembezi yako, na pesa za mwisho zisitoke kabla ya sachi ya pili. Kati ya siku hizo mbili, tahadhari au rehani mpya inaweza kuandikwa. Muuzaji akisema unamchelewesha, mwache aende. Ploti zingine zipo.