Wiki kumi za kuelekea kilomita tano

Baadhi ya dada zetu waliotoka pwani na kuhamia Nyeri, Karatina na Nanyuki wametuuliza jinsi ya kujiandaa kwa mbio za kilomita tano. Wengi wao hufanya jambo moja: kila wakitoka alfajiri, hukimbia mbio zilezile za kuhemesha hadi miguu igome. Baada ya mwezi, muda wao haujapungua, na wengine wamekwisha kuumia mifupa ya miundi. Nguvu wanayo, linalokosekana ni mpangilio.

Kilomita tano ni umbali wenye hila. Kwa mkimbiaji wa kawaida huchukua nusu saa, na karibu muda huo wote mwili unafanya kazi juu kidogo ya kiwango ambacho ungeweza kukistahimili kwa utulivu. Basi mpango wake una kazi tatu, na kila moja ina mahali pake: mbio fupi za kurudiarudia, ambazo huufundisha mguu wepesi, mbio za kizingiti, ambazo hujenga ustahimilivu, na mwishoni kunoa, yaani kuyatoa makali yaliyokwisha kupatikana.

Tuchukue mfano wa mama anayekimbia kilomita tano kwa dakika 32 na anayetaka kufika dakika 30. Kwanza apime muda wake hukohuko Nyeri. Mji huo uko mita zipatazo 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki uko juu zaidi. Hewa ni nyepesi, na kila pumzi huleta oksijeni pungufu kuliko ya Mombasa. Anayepanda na muda aliopimia ufukweni, kisha akaufanya kipimo cha mazoezi, atakuwa anajichosha kupita kiasi tangu siku ya kwanza. Ampaye mwili wiki mbili au tatu za mbio nyepesi kabla ya kujipima amefanya busara.

Mama yetu atakimbia siku tatu kwa wiki: Jumanne mbio fupi, Alhamisi kizingiti, na Jumapili mbio nyepesi za dakika 40 hadi 50, kwa mwendo unaomwezesha kuzungumza na mwenzake bila kukatika. Siku zilizobaki atembee au apumzike. Kabla ya kazi ya Jumanne na Alhamisi apashe mwili moto kwa dakika 10 au 15, kwani alfajiri ya mlimani ina baridi, na msuli wa baridi huchanika upesi.

Wiki tatu za mwanzo, Jumanne, akimbie mita 200 mara nane. Baada ya kila moja arudi akitembea hadi pumzi itulie. Mwendo anaoutafuta wa dakika 30 ni sawa na sekunde 72 kwa kila mita 200. Yeye akimbie kwa 68 hadi 70, haraka kidogo tu. Hizi si mbio za kushindana. Mabega yalegee, hatua ziwe fupi na nyepesi, na ya nane ifanane na ya kwanza. Ikiwa ya mwisho imechelewa kwa zaidi ya sekunde tatu, ya kwanza ilikimbiwa kwa pupa. Tangu wiki ya nne umbali uwe mita 400, mara sita, baadaye mara nane, kila moja kwa dakika 2 na sekunde 24, ambao ndio mwendo wenyewe wa siku ya mashindano. Kati yake apumzike kwa kutembea dakika moja na nusu.

Sasa kizingiti, ambacho ndicho kiini cha mpango na ndicho kinachoharibiwa zaidi. Msuli unapofanya kazi huzalisha mabaki ya uchovu, na mwili huyaondoa. Ukikimbia polepole, uondoaji huushinda uzalishaji. Ukikimbia mbio sana, mabaki hulundikana, na dakika chache baadaye miguu huwa mizito kama mawe. Baina ya hali hizo mbili pana mpaka, na mazoezi haya hufanywa ukiwa umesimama juu ya mpaka huo bila kuuvuka. Anayeurudia kila wiki husogeza mpaka wake mbele, hata mwendo uliomtesa mwezi uliopita ukawa mwendo wa kustahimilika.

Kwa mama yetu, mpaka huo uko karibu na dakika 6 na sekunde 50 kwa kilomita. Aanze na dakika tano mara tatu, akipumzika dakika moja kati yake. Wiki ya nne na ya tano afanye dakika nane mara tatu. Ya sita na ya saba, dakika 12 mara mbili. Ya nane, dakika 20 mfululizo. Lakini barabara za Nyeri hupanda na kushuka, na saa haijui kilima. Akipanda kwa mwendo uleule wa tambarare atakuwa ameuvuka mpaka bila kujua. Kwa hiyo apime kwa ulimi: kwenye kizingiti mtu huweza kusema maneno manne au matano, kisha avute pumzi. Akishindwa kusema hata mawili, apunguze. Akiweza kusimulia hadithi, aongeze. Na ikiwa Jumapili miguu bado ni mizito katika mbio nyepesi, basi Alhamisi alikimbia mashindano akidhani anafanya kizingiti.

Wiki mbili za mwisho ni za kunoa. Hapa wengi huingiwa na hofu, wakaongeza mazoezi kana kwamba wanalipa deni. Mwili huhitaji kiasi cha siku kumi au zaidi kugeuza zoezi gumu kuwa nguvu. Kazi nzito ya wiki ya mwisho hufika mashindanoni ikiwa uchovu mtupu. Basi kiasi kipungue, ila mwendo usipungue. Wiki ya tisa apunguze jumla ya mbio zake kwa theluthi: mita 400 mara tano kwa mwendo uleule, na pumziko la dakika mbili, kizingiti kiwe dakika kumi tu. Wiki ya kumi apunguze kwa nusu: Jumanne dakika nane za kizingiti, Alhamisi mita 200 mara nne na pumziko la kutosha, kisha siku mbili za utulivu kabla ya mashindano ya Jumapili. Akihisi miguu inawasha kutaka kukimbia, hiyo ndiyo dalili njema, wala asiitumie kabla ya siku yake.

Siku yenyewe, kilomita ya kwanza aikimbie kwa dakika 6 na sekunde 5, tatu zinazofuata kwa dakika 6 kila moja, na ya mwisho kwa dakika 5 na sekunde 55. Watakaompita mwanzoni awaache. Catherine Ndereba, mzaliwa wa Nyeri, aliachwa kwa zaidi ya dakika moja katika marathoni ya Boston mwaka 2005, lakini hakukurupuka. Alimpunguza kiongozi kidogo kidogo, akampita, akashinda mbio hizo kwa mara ya nne. Umbali wake ni mwingine, ila hesabu ni ileile: anayevuka mpaka wake katika kilomita ya kwanza huilipia gharama hiyo katika ya nne.

Mwenye maumivu ya mfupa yanayozidi anapokimbia, au aliyejifungua karibuni, asianze wiki ya kwanza kabla ya kuonana na daktari.