Bibi si adui, na "damu nyingi" si maelezo

SEHEMU YA 1
Mama zangu, dada zangu, na nyie kina baba mnaosoma kimya kimya kwenye simu za wake zenu, leo nina neno na nitalisema lote. Msiishie njiani, ziko sehemu sita.

Kuna video ya katuni imezunguka kwenye magrupu ya kina mama hapa Urambo. Aliyeitengeneza simtaji. Kwa macho ni nzuri. Mama wa kwenye katuni amekaa kwenye sofa, mumewe amevaa tai. Mama mkwe amechorwa kama mchawi, anamkatalia mkwewe asiende hospitali. Anatokea daktari, anamgombeza bibi wa watu mpaka anainamisha kichwa. Halafu sauti inasema: ukiona damu nyingi baada ya kujifungua, wahi hospitali. Muziki, kwisha.

Sasa nisikilizeni. Alfajiri moja aliletwa mama kwenye bodaboda, shemeji yake kamshikilia kwa nyuma asianguke. Alikuwa amejifungua siku mbili nyuma na kuruhusiwa akiwa salama. Damu ilianza kuongezeka jioni. Alipofika kwetu mikono ilikuwa ya baridi na ulimi mweupe. Tumshukuru Mungu, alipona. Alipopata nguvu nikamuuliza kama ile video aliiona. Akasema, "Niliiona mara mbili, nesi." Mbona sasa ulikaa usiku kucha? Akanijibu, "Nilikuwa nasubiri iwe nyingi."

Jibu hilo ndilo limenifanya niandike. Yule mama si mjinga. Alifanya kile alichoambiwa. Aliyemwambia ndiye hakumaliza kazi yake.

SEHEMU YA 2
"Nyingi" ni kiasi gani? Sisi kwenye vitabu tunasema damu ikifika mililita 500 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, huko ni kuvuja damu. Nyumbani nani anapima mililita? Mtengeneza video anatakiwa aigeuze hiyo namba kuwa kitu ambacho bibi anaweza kukiona kwa taa ya simu, usiku, ndani ya nyumba yake.

Hapo ndipo ugumu unapoanza, maana hata vitabu havifanani. Mwongozo mmoja wa Shirika la Afya Duniani unasema hatari ni pedi mbili au tatu kulowa ndani ya dakika 20 hadi 30, au damu kuongezeka badala ya kupungua. Kwingine mama anaambiwa atafute msaada pedi moja tu ikilowa kabisa ndani ya saa moja. Mtu akichukua sentensi moja mtandaoni na nyingine kwenye kipeperushi, katuni itajipinga yenyewe.

Mimi na kijana mmoja mchoraji tunaandaa katuni yetu, na hili tulilipeleka kwa wakunga kabla ya kuchora hata mstari. Kipimo cha pedi mbili au tatu kinamfaa zaidi aliye wodini, mkunga yuko pembeni yake. Aliye kijijini ana safari mbele yake, kwa hiyo tukachagua kinachomtoa nyumbani mapema: kitambaa kimoja kikilowa chote ndani ya saa moja, ondoka. Na damu iliyokuwa inapungua ikirudi kuwa nyekundu na kuongezeka, ondoka. Mama akiona kizunguzungu, akitoka jasho la baridi au akizimia, usihesabu kitambaa chochote, ondoka.

Katuni ionyeshe na hali ya kawaida pia, maana bila hiyo utawatisha wazazi wote. Siku za mwanzo damu ni nyekundu, kisha inapungua, inakuwa ya pinki au kahawia, mwisho ute wa njano au mweupe, na inaweza kuendelea kwa wiki kadhaa. Neno la kushika hapo ni "inapungua".

SEHEMU YA 3
Tuje kwa familia. Mnaotengeneza hizi video, mmewahi kukaa Urambo mwezi wa tatu? Mvua bado ipo, barabara za kuja kutoka Usoke au Vumilia zina matope, na baba hayupo nyumbani. Yuko kwenye bani anakausha tumbaku. Moto wa bani haulali. Ukipungua usiku, majani yanaharibika na hela ya mwaka mzima inapotea. Pesa yenyewe haijaingia kwa sababu masoko bado. Huyo ndiyo baba wetu. Hana tai, na hajamkataza mtu kwenda hospitali. Hayupo tu.

Aliyepo ni bibi. Yeye ndiye anachemsha maji, anamwogesha mtoto, anafua vile vitambaa. Yaani mtu pekee anayeiona ile damu kila siku ni bibi, na nyie mmemchora mchawi! Bibi akijiona kwenye video anatukanwa, atasema hayo ni mambo ya watoto wa mjini, na simu inafungwa.

Ni kweli wapo wanaosema "acha damu chafu itoke." Usimgombeze. Mpe kazi. Kwenye katuni yetu bibi naye anasema hivyo hivyo, kisha anaongeza: "Lakini damu chafu huwa inapungua. Hii mbona inazidi?" Hajadhalilishwa. Uzoefu wake mwenyewe ndio umempeleka kwenye jibu sahihi.

SEHEMU YA 4
Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Ile video ya sofa iligusa kuamua peke yake, tena kwa kumsingizia bibi. Hadithi ya kweli ipite kote kutatu.

Yetu inaanza mimba ikiwa bado tumboni. Baba anajiandaa kwenda bani, anamwambia mama yake mbele ya mkewe: "Mama, ikifika pale tulipoambiwa kliniki, usinisubiri mimi." Sentensi moja tu, lakini imeshatoa ruhusa miezi kabla ya hatari. Usiku wa tukio hakuna wa kutafutwa porini.

Kufika: bibi anapiga 115. Hiyo ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, unaotafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa kwa ajili ya mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga wa dharura. Lakini katuni isidanganye kwamba ukipiga tu gari liko mlangoni. Tunaonyesha simu iliyochajiwa tangu mchana, na jina la dereva wa pili limeandikwa nyuma ya kadi ya kliniki, ikitokea mtandao unasumbua.

Kuhudumiwa: mlangoni bibi anasema maneno matatu, "Kajifungua juzi, anavuja." Halafu anaonyesha vitambaa alivyokuja navyo kwenye mfuko. Wenzangu wauguzi watanielewa. Ukionyeshwa vile vitambaa huhitaji kuuliza maswali kumi.

SEHEMU YA 5
Sasa nawageukia wachoraji. Mnachora kwanza, mnakuja kwetu mwishoni na kazi imekwisha, eti "nesi tupitishie." Nikikwambia sentensi ya dakika ya pili si sahihi utarudia kuchora? Hurudii. Unaniomba nifumbe macho.

Mpangilio uwe huu. Skripti iandikwe kwanza, kila ushauri kwenye mstari wake, na wakunga waupitie mstari kwa mstari wakiwa na mwongozo wa wizara na kadi ya kliniki mezani. Kwetu mstari mmoja ulisema bibi anampa mama vidonge vya kuzuia damu. Tukaufuta. Dawa hizo zipo, ila anayetoa ni mtoa huduma. Ukimwonyesha bibi akizitoa, kesho kuna bibi atazitafuta dukani. Mchoraji alitaka pia saa moja ionekane kwa chungu cha maharage kikichemka. Wazo zuri, lakini maharage yetu haya yanamaliza hata saa mbili! Tukaweka saa ya kwenye simu.

Baada ya hapo ni picha za penseli na sauti iliyorekodiwa kwa simu, basi. Waonyeshe kina mama wachache na mabibi wachache. Usiwaulize "mmeelewa?", watakwambia ndiyo nesi. Uliza: bibi aliona nini? Aliondoka lini? Wewe ungefanyaje? Mchoraji alikuwa amepaka damu rangi ya kahawia ili isitishe. Bibi mmoja akasema, "Kamwagikiwa na uji." Mwingine akasema damu ya hivyo ni ya kawaida, imeshaanza kuisha. Na alikuwa sahihi! Rangi tuliyoiweka kwa upole ilikuwa inafundisha kinyume. Ikarudi nyekundu. Kitambaa nacho kilikuwa kitenge cheusi chenye maua, kinaficha damu, tukaweka kitambaa cheupe. Na nyumbani fanyeni hivyo hivyo: vitambaa safi vya rangi nyepesi, vilivyokaushwa juani.

Kurekebisha penseli ni kazi ya jioni moja. Kurekebisha katuni iliyokamilika ni kuanza upya. Na msiniambie hapa nchini hakuna wa kufanya kazi ya maana. Ubongo Kids imetengenezwa Dar es Salaam na ipo kwenye runinga tangu 2014, watoto wenu wanaijua.

SEHEMU YA 6
Watu watasema ninakuza mambo, kwamba video yoyote ya afya ni bora kuliko kukosa kabisa. Sikubali. Aliyekosa video angemuuliza mkunga au jirani. Yule mama wa alfajiri hakuuliza kwa sababu aliamini ameshafundishwa.

Kwa hiyo kabla hujaisambaza ya mtu yeyote, hata yangu ikitoka, ikague. Je, imesema hatari inaonekanaje mpaka mama mkwe wako angeitambua usiku? Je, imeonyesha nani anaamua baba asipokuwepo, na mnaondokaje? Je, mwishoni imeandikwa wakaguzi ni watoa huduma wa ngazi gani, na mwezi na mwaka? Miongozo inabadilika, na hata namba ya simu lazima ihakikiwe kabla ya kila toleo. Ikikosa hayo, usiisambaze. Ilete kliniki tuiangalie pamoja.

Na leo jioni, kabla baba hajaenda bani, mwite na mama yake. Ile sentensi ya "usinisubiri mimi" aitamke wote mkisikia. Hiyo haihitaji mchoraji.

Mabibi mnaosomewa hii na wajukuu, niandikieni hapo chini: enzi zenu mlijuaje kwamba sasa damu imezidi? Nawauliza kweli. Majibu yenu nayapeleka kwa wakunga, na yatakayopita yataingia kwenye skripti.