Kona ya Lugha: Mwamba ulisimama au alisimama?

Katika insha tulizoletewa muhula huu, sentensi moja imejirudia kwa sura mbalimbali: "Bibi yangu ni kama mwamba." Baadhi ya wenzetu wameipigia mstari na kuandika pembeni "sitiari", kwa sababu wameona "ni". Hiyo ni tashbihi. Palipo na "kama", "mithili ya" au "mfano wa", vitu viwili bado vimesimama mbalimbali na daraja linaonekana. Ukisema "Bibi yangu ni mwamba", umeliondoa daraja, na hapo ndipo pana sitiari.

Hayo yamo katika kila kitabu. Lisilosemwa sana ni kwamba Kiswahili kina kipimo chake cha ziada, nacho ni upatanisho wa ngeli. Tazama:

"Bibi alisimama mlangoni kama mwamba, akamtazama mgeni." Hapa kitenzi kinamfuata bibi, na mwamba ni mgeni wa kupita.

"Mwamba ulisimama mlangoni, ukamtazama mgeni." Hapa bibi hatajwi kabisa. Kiambishi "u" kimetuingiza ndani ya jiwe, na msomaji anauona uzito wake. Lakini lazima uwe umekwisha kumwambia, sentensi moja au mbili nyuma, kwamba bibi ni mwamba, la sivyo atadhani unaeleza mandhari.

Sasa soma hii: "Mwamba ulisimama mlangoni, akavaa miwani yake." Picha imevunjika katikati, kwa kuwa "u" imegeuka "a" bila taarifa. Usiitengeneze kwa kuandika "ukavaa miwani", maana jiwe halivai miwani, na msomaji atacheka. Mrudishe mwenyewe: "Bibi akavaa miwani yake." Ukiandika "Mwamba alisimama" tangu mwanzo si kosa, ila neno linasikika kama jina la utani, na ule ujiwe unapungua. Kipimo hiki hakisaidii kwa wanyama: simba huchukua "a" awe wa porini au wa sitiari.

Kwa watunzi wa mashairi kuna hesabu nyingine. Kipande cha mizani minane: "Macho yake kama nyota" kimetimia. Mtu akitaka sitiari akafuta "kama" na kuweka "ni", anabaki na saba: "Macho yake ni nyota." Wengi hapo hujaza kwa neno lolote la mizani moja, na ubeti unalegea. Jaribu "Macho yake ndiyo nyota": minane, na "ndiyo" inabana maana badala ya kujaza nafasi tu. Au yaache macho kabisa: "Nyota mbili zaniona." Hiyo nayo ni minane, na mimi naipenda kuliko zote, mradi uso uwe umetajwa katika kipande kilichotangulia.